Rifandi, eksichenji, waranti: maneno ya kwenye risiti yanamaanisha nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikaa kaunta ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo miaka sita, na ugomvi mwingi niliouona pale ulianza na neno moja tu, mteja amelisoma hivi na muuzaji analisoma vile, na wote wawili wana uhakika kabisa. Risiti zetu chini zilikuwa na mistari mitatu, na maduka mengi mjini yana mistari inayofanana na hii:

```
NO REFUND
EXCHANGE WITHIN 7 DAYS WITH RECEIPT
WARRANTY 12 MONTHS. T&C APPLY
```

Maswali hapa chini ndo yale niliyokuwa naulizwa kila siku, nimeyajibu kwa kutumia blenda moja ya shilingi 118,000 ili tusipotee njiani.

Hiyo mistari mitatu kwa Kiswahili inasemaje?

Wa kwanza unasema pesa hairudishwi. Wa pili unasema unaweza kubadilishiwa kitu ndani ya siku 7 ukija na risiti. Wa tatu unasema kitu kina waranti ya miezi 12, vigezo na masharti kuzingatiwa.

Angalia vitenzi, maana siri yote iko pale. Rifandi ni KURUDISHIWA PESA. Eksichenji ni KUBADILISHIWA KITU, unaacha hiki unachukua kingine. Waranti mara nyingi ni KUTENGENEZEWA, kitu ni kilekile chako ila gharama ya fundi na spea ni yao. Kwa hiyo mtu akiniambia "lakini kaka si ina waranti, nirudishieni hela yangu" anakuwa ameshika mstari wa tatu lakini anadai kilichokataliwa mstari wa kwanza, na muuzaji naye badala ya kumweleza anamjibu tu "soma risiti dada", ndo sauti zinaanza kupanda.

Nikirudishiwa pesa, narudishiwa kiasi gani? Kuna duka lilitaka kunikata VAT

Risiti ya mashine ya EFD inaonyesha bei mara mbili, kabla ya kodi na baada ya kodi. Ya blenda yetu ingekuwa hivi:

```
TOTAL EXCL OF TAX    100,000.00
TAX A-18.00 %         18,000.00
TOTAL INCL OF TAX    118,000.00
```

Mstari wa juu ni bei bila kodi, wa kati ni VAT ya asilimia 18, wa chini ndo hela uliyotoa mfukoni. Rifandi kamili ni ya mstari wa chini, 118,000. Muuzaji akikwambia "elfu kumi na nane ya serikali imeshaenda, nakupa laki" usikubali haraka, kodi ile ilikuwa juu ya mauzo, na mauzo yakivunjwa yeye ana utaratibu wake wa kuirekebisha kwenye hesabu zake za kodi, sio wewe ubebe.

Nikiwa mkweli kwa upande wa kaunta, hapa ndo kuna sababu moja ya wauzaji kuikimbia rifandi ambayo wateja hawaijui. Risiti ya EFD ikishatoka huwezi kuifuta kwenye mashine kama unavyofuta meseji, imeshaingia kwenye kumbukumbu na taarifa inaenda TRA, hivyo kurudisha pesa kunaleta kazi ya makaratasi, na muuzaji mdogo asiye na mhasibu anaona bora akubadilishie vitu kumi kuliko akurudishie pesa mara moja.

Kibao kinasema "mali ikishauzwa hairudishwi". Si ndo kilekile cha pesa hairudishwi?

Hapana, na hili swali nalipenda kwa sababu Kiswahili chetu kinasema kitu tofauti na kile alichokusudia aliyetafsiri. "Mali hairudishwi" maana yake kitu chenyewe hakirudi dukani kabisa, si kwa pesa wala kwa kubadilishiwa. "Pesa hairudishwi" inazungumzia hela tu, kitu kinaweza kurudi ukapewa kingine. Kuna maduka yana kibao cha kwanza ukutani na risiti zao zinasema eksichenji siku 7, yaani ukuta na karatasi vinapingana, na ukiuliza unakuta kibao kilichorwa na fundi mabango na hakuna aliyewahi kukaa akakisoma.

Ukikutana na hali hiyo tumia risiti. Ndo karatasi ya mauzo yako wewe, ina tarehe yako na kitu chako. Na kabla hujalipa uliza kwa Kiswahili cha wazi kabisa: "Kikiwa na shida, nabadilishiwa au narudishiwa hela?" Jibu lolote watakalokupa waombe waliandike nyuma ya risiti na kugonga muhuri, nilikuwa nafanya hivyo kwa wateja waliouliza na haikuwahi kunichukua hata dakika moja.

Eksichenji ndani ya siku 7, zinahesabiwaje?

Zinaanza na tarehe iliyochapwa kwenye risiti, haijalishi ulifungua boksi lini. Hapa wengi wanaumia: unanunua Dar tarehe 3, unapakia kwenye basi kwenda kwa mama Songea, mama anafungua boksi tarehe 12 anakuta haiwaki, siku zimeisha na blenda haijawahi hata kuona ndizi. Kama kitu ni cha kusafirisha kiwashe palepale kaunta, maduka mengi yana soketi kwa kazi hiyohiyo.

Kingine, kama risiti haijasema siku za kazi basi ni siku za kawaida, Jumapili na sikukuu zinahesabika. Ila kama siku ya mwisho imeangukia duka limefungwa, piga simu au tuma meseji siku hiyohiyo ueleze tatizo, halafu wahi asubuhi duka linapofunguliwa. Ile meseji yenye tarehe imewaokoa wateja wangu kadhaa, maana bosi akiiona anajua hukukaa kimya.

Na boksi usitupe. Eksichenji nyingi zinataka kitu kirudi na boksi lake, waya, kitabu na vikorokoro vyote, kwa sababu duka nalo linakirudisha kwa msambazaji na msambazaji hapokei kitu kikiwa uchi.

Waranti, dhamana, garantii, ni kitu kimoja?

Kwenye maongezi ya dukani ndio, watu wanatumia yote. Mimi nashauri tuseme waranti, kwa sababu dhamana ni neno lenye mizigo mingi: kuna dhamana ya polisi, dhamana ya mkopo benki, dhamana aliyopewa kiongozi. Mzee mmoja aliwahi kukataa kabisa kusaini kadi iliyoandikwa "dhamana ya miezi 12", akidhani anawekwa mdhamini wa deni la mtu, na wala sikumlaumu, neno lilimruhusu aelewe hivyo.

Garantii watu wengi wanaichukulia kuwa ni ahadi nzito kuliko waranti, kwamba kitu kikiharibika unapewa kipya bila maswali. Usitegemee jina. Soma ahadi yenyewe inasema watafanya nini, maana nimeona kadi iliyoandikwa garantii kichwani na ndani ni kutengenezewa tu.

Na kuna maana ya kisheria ambayo ni tofauti kidogo na ya dukani. Kwenye sheria ya mauzo ya bidhaa, makubaliano yana sharti na yana waranti. Sharti ni jambo la msingi, likivunjwa mnunuzi anaweza kukataa kitu. Waranti ni jambo la pembeni, ikivunjwa unadai fidia lakini mauzo yanabaki. Mwanasheria akikuuliza "hiyo ilikuwa sharti au waranti?" haulizi kuhusu kadi iliyokuwa kwenye boksi.

Kwa hiyo blenda ikifa ndani ya miezi 12 napewa mpya au hapana?

Inategemea neno moja ambalo kadi nyingi zinalo: watengeneze AU wabadilishe, "kwa hiari yetu". Hiyo hiari ni ya kwao, wao ndo wanachagua. Ngoja nikupe kisa chenyewe.

Dada mmoja mfanyakazi wa saluni alichukua blenda kwetu kwa hiyo 118,000, Jumamosi. Siku ya sita akaona maji yanavuja chini ya jagi. Akapata msiba akasafiri, akaja siku ya kumi. Eksichenji ilikuwa imeshapita siku 3, kwa hiyo tukaingia kwenye waranti, na waranti maana yake blenda inaenda kwa fundi wa kampuni na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Fundi akafungua akakuta maji yameingia kwenye mota, akaandika "imeingia maji, haipo kwenye waranti". Dada akalia pale kaunta, kweli alilia. Nikaiomba blenda niione mwenyewe. Ukigeuza jagi chini kuna mpira mweusi chini ya kisu, kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye ekseli kwenda kwenye mota. Ule mpira ulikuwa umekaa upande, umejikunja kwa ndani, na kutoka pale kulikuwa na michirizi ya kahawia ikishuka katikati mpaka kwenye kiunganishi cha mota. Sehemu za nje zote, matundu ya hewa, mabatani, tako la blenda, kavu na safi.

Hiyo ndo tofauti. Mtu akiiosha blenda kwa kuizamisha kwenye beseni, maji yanaingia kwa matundu ya hewa na mabatani, unakuta sabuni imekauka kwenye kona. Maji yakishuka katikati tu kutoka kwenye kisu, ni mpira uliofungwa vibaya kiwandani au uliolegea. Nilipiga picha nne nikamtumia fundi, akabadilisha maelezo yake, mota na mpira vikabadilishwa bure baada ya wiki mbili na siku kadhaa.

Mwezi wa nne toka anunue ikarudi na shida ileile. Safari hii nilimwambia dada aandike kwa mkono: imetengenezwa mara moja, tatizo ni lilelile, naomba kubadilishiwa. Wakambadilishia. Hiari ilikuwa yao bado, ila tatizo likijirudia na karatasi zipo, hata wao wanaona kutengeneza tena ni hasara kwao.

Nikipewa mpya, waranti inaanza upya?

Mara nyingi hapana, inaendelea kuhesabu toka tarehe ya risiti ya kwanza, labda waandike tofauti. Yule dada alibakiwa na miezi nane. Uliza hapohapo, na hakikisha siriyo namba, yaani namba ya utambulisho, ya kifaa kipya imeandikwa kwenye kadi, vinginevyo siku ukirudi wataona kadi ina namba ya blenda ambayo huna. Kwa simu bonyeza `*#06#`, IMEI inayotokea kwenye skrini ifanane na ya kwenye boksi na ya kwenye kadi, zote tatu.

Kile kistika kidogo kilichoandikwa VOID ni nini?

Batili. Kinabandikwa juu ya skrubu au kwenye mshono wa kifaa, na maana yake ukikitoa au kukichana waranti imekufa, wao wanasoma kwamba fundi wa mtaani ameshaingia. Usimpe fundi wa jirani "aangalie tu" kabla hujarudi dukani, hata kama ni shemeji yako na anajua kazi.

Vingine vinavyoua waranti ni kuanguka, maji ya nje, umeme kuja mkubwa, na kutumia kifaa cha nyumbani kwa biashara. Hiki cha mwisho kinawashtua wauza juisi: blenda ya nyumbani ukiifanyisha kazi kutwa, mota inaungua nyaya zake za ndani, na harufu yake pamoja na weusi wa nyaya fundi anaviona mara moja. Kitabu chake kwa kawaida kinakwambia isage kwa muda gani bila kupumzika, nazo ni dakika chache sana.

Ukiona neno hilohilo la VOID kwenye risiti yenyewe, hapo maana ni tofauti: mauzo yale yalifutwa kabla hayajakamilika, risiti hiyo si ya kununulia kitu, usiondoke nayo.

Wamenipa karatasi inaitwa kredit noti, ni mkopo?

Si mkopo na wala hudaiwi. Ni kinyume, duka ndo linadaiwa na wewe. Umerudisha kitu cha 118,000, hela hawatoi, wanakuandikia kwamba una 118,000 yako ya kuchukulia vitu vingine hapohapo dukani. Kuna mahali nimeona imetafsiriwa "noti ya mkopo", ni tafsiri mbaya, inatisha watu bure. Mimi nilikuwa naiita hati ya salio lako. Angalia kama ina tarehe ya mwisho wa kutumika, maana hapo ndo salio la watu linapopotelea.

Wakiandika pesa hairudishwi ndo basi, hata kama kitu kilikuwa kibovu toka dukani?

Hapana, ila usijiamini kupita kiasi pia. Tanzania tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na ndani yake kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa kitu hicho kinatakiwa kifanane na alivyokielezea na kiwe na ubora wa kuuzika, yaani blenda isage. Hayo yanahesabika yapo hata kama hamkuyataja. Kibao cha "pesa hairudishwi" kinamhusu vizuri zaidi mtu aliyebadili mawazo tu, rangi haijampendeza, amekuta bei rahisi duka la pili. Huyo kweli hana cha kudai zaidi ya huruma ya duka.

Mipaka yake ni hii. Sheria hiyo inaangalia mlikubaliana nini, kwa hiyo ukinunua kitu ulichoambiwa wazi kwamba kina kasoro na ndo maana bei imeshuka, umekubali kasoro ile. Ukikagua kabla ya kununua, kasoro iliyokuwa inaonekana kwa macho huwezi kuilalamikia baadaye. Na ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema lolote unahesabika umeshakipokea, haki ya kukikataa inapotea, unabaki na ya kudai fidia. Ndo maana nasisitiza ile meseji yenye tarehe, na uitume mapema.

Pia kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inakataza kumpotosha mteja. Muuzaji aliyekwambia "hii ina waranti ya mwaka" wakati hamna waranti yoyote yuko kwenye eneo lao. Wenzetu Kenya wanalo hili hadi kwenye katiba ya 2010, ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na wana sheria ya kumlinda mlaji ya 2012.

T&C na E&OE je?

T&C ni ile "vigezo na masharti kuzingatiwa" inayosomwa harakaharaka mwisho wa tangazo la redio. Ukiiona omba hivyo vigezo vyenyewe, viko kwenye kadi au kitabu. E&OE inakuja zaidi kwenye ankara, maana yake kama kuna kosa la kuandika au kitu kimesahaulika wana haki ya kurekebisha, mfano wamekosea sifuri moja kwenye bei. Haihusu ubovu wa kitu.

Risiti yangu imefutika yote imekuwa nyeupe, waranti imeisha?

Karatasi zile hazina wino, zinachapwa kwa joto, kwa hiyo joto hilohilo la dashibodi ya gari au la pochi iliyokaa juani linaziharibu, na plastiki ya kulaminetia ni mbaya zaidi, ukipitisha kwenye mashine ya moto inatoka nyeusi tii. Piga picha siku hiyohiyo ya kununua, picha ionyeshe wazi tarehe, saa, na ile namba ya uhakiki karibu na chini. Kwa namba hiyo na saa ya risiti unaweza kuiona tena mtandaoni kwenye verify.tra.go.tz, na hata wewe unayenunua leo ingiza ukiwa bado uko dukani, kama risiti haipo kule, mrudishie muuzaji akupe halali kabla hujabeba boksi.